Video yako ina jibu ila anayesachi haioni: kapsheni, maneno na hashtagi zinafanyaje kazi

Tuchukue fundi cherehani wa mfano. Karekodi video ya sekunde 50, safi kabisa, anaonesha kwa nini cherehani inakata uzi wa juu na unairekebishaje. Akaiposti na kapsheni hii: "Siri ambayo mafundi wengi hawakwambii 😂🔥 part 4 #fyp #viral #foryou #trending #explore".

Sasa kuna mtu mahali fulani muda huu huu ana cherehani mezani, nguo imebaki mkono mmoja tu, uzi umeshakatika tena na tena mpaka hasira zimempanda, anashika simu anaandika "cherehani inakata uzi". Jibu lake lipo kwenye ile video, tena limeelezwa vizuri, ila haitamtokea, manake kwenye kapsheni nzima hakuna neno cherehani wala neno uzi. Kuna siri, kuna mafundi, kuna moto wa emoji, basi. Mashine ya kutafuta imepewa maneno matatu na mtu mwenye shida, ikaenda kuangalia nani ana maneno hayo, ikarudi na watu wengine.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Ukisikia mtu analalamika algoridhimu imemkataa, mara nyingi anaongelea fidi, yaani ule ukurasa unaokuletea vitu hujaviomba. Kwenye fidi mtandao unabahatisha, unamuonesha mtu video kwa sababu jana aliangalia kitu kinachofanana nayo. Kusachi ni mlango mwingine kabisa. Huyu mtu kasema mwenyewe anataka nini, kwa maneno yake, na ana haraka. Video ya fidi kwa kawaida inapata watu wake siku chache za mwanzo halafu inanyamaza, lakini video inayojibu swali ambalo watu wanaliuliza kila wiki inaweza kuendelea kuletewa watu wachache wachache kwa miezi na miezi, sababu cherehani zitaendelea kukata uzi tu.

Instagram walishaeleza mwaka 2021 jinsi kusachi kwao kunavyopanga majibu, na walisema kitu kinachobeba uzito kuliko vyote ni yale maandishi aliyoandika mtu kwenye kisanduku. Wanayalinganisha na majina ya akaunti, wasifu, kapsheni, hashtagi na maeneo, halafu ndio wanaangalia huyu anayesachi huwa anafuatilia nini, na mwisho kile kilichopatikana kinapendwa kiasi gani. YouTube nao wanaongelea mambo yaleyale kwa lugha yao: kwanza video inahusiana na swali kiasi gani, pili watu wakiifungua wanaiangalia au wanakimbia, tatu ubora na uaminifu wa chaneli. Kila mtandao una vipimo vyake na vinabadilika, ila mpangilio huo unaeleza mengi. Maneno ndiyo yanakuingiza kwenye orodha ya wanaofikiriwa, na watu wanavyoichukulia video ndiyo inaamua ukae wa kwanza au wa themanini. Ukikosa la kwanza, la pili halipati hata nafasi ya kupimwa, na video ya fundi wetu imekwama hapohapo.

Mashine inasoma wapi

Kapsheni ndiyo kila mtu anaijua, ila sio peke yake. Kuna jina la akaunti. Kwenye Instagram kuna yuzaneimu na kuna lile jina lililokoza juu ya wasifu wako, na yote mawili yanahesabika kwenye kusachi. Watu wengi hilo la pili wanaliacha liwe jina la utani tu. Fundi akiandika pale "Mama J | Fundi cherehani", basi mtu akisachi "fundi cherehani" ana njia ya kumpata hata kama hajawahi kumsikia maishani. Ila kuwa na uhakika kabla hujalibadilisha, Instagram wanakuruhusu kulibadilisha mara 2 tu ndani ya siku 14.

Na hapa kuna kitu kinaniudhi kidogo. Ile mitindo ya herufi za mapambo, herufi za mkunjo ukunjo watu wanazokopi kwenye tovuti halafu wanabandika kwenye jina. Kwa macho unaona neno "fundi" limependeza. Kwa kompyuta hizo sio herufi f, u, n, d, i. Ni alama nyingine za hisabati zinazofanana nazo kwa sura, kwa hiyo mtu akiandika fundi kwa kibodi ya kawaida usitegemee kuwa mtandao utajua nyinyi mnaongelea kitu kimoja. Halafu wasioona wanaotumia programu za kusomewa skrini wanasikia majina ya alama moja moja au hawasikii kitu kabisa. Acha jina liwe na herufi za kawaida.

Ukitoka hapo kuna maneno yaliyo ndani ya video yenyewe, yale unayoandika juu ya picha na yale unayoyatamka. Maandishi unayoyaweka juu ya video na maandishi yanayotembea chini kufuatisha sauti yanampa mtazamaji na mtandao ushahidi kwamba video hii kweli inahusu kile ulichoandika kwenye kapsheni. Tatizo letu sisi wa Kiswahili ni kwamba maandishi yanayotengenezwa na mashine mara nyingi yanachafuka. Unasema "uzi wa juu" yeye anaandika kitu ambacho hakipo kwenye lugha yoyote. Usiiache ijiendee. Soma, rekebisha, au andika mwenyewe sentensi kuu juu ya video. Kwenye YouTube unaweza kabisa kupakia faili la maandishi yako kupitia Studio, inachosha kidogo ila kwa video inayofundisha inalipa.

Na sema neno lenyewe mapema. Fundi akianza kwa kusema "cherehani yako ikikata uzi wa juu, anza kuangalia hapa", sekunde tatu za kwanza zimeshamwambia mtu yuko sehemu sahihi. Akianza na "mambo vipi familia, karibuni tena kwenye chaneli yetu pendwa, usisahau kusabskraibu", yule mwenye nguo ya mkono mmoja keshaondoka.

Maneno unayapata wapi

Kosa linalojirudia sana ni kuandika kwa maneno ya mtu anayejua, wakati anayesachi ni mtu asiyejua. Fundi akiulizwa video yake inahusu nini atasema inahusu "kuseti tenshen", yaani kurekebisha mkazo wa uzi. Ni kweli kabisa. Lakini mwenye shida hajui kama kuna kitu kinaitwa tenshen, angekuwa anajua asingesachi. Yeye anajua anachokiona: uzi unakatika. Kwa hiyo anaandika dalili na wewe umeandika tiba, mnapishana.

Sasa hizo dalili watu wanaziandikaje? Usikae ukakisia, kisanduku cha kusachi chenyewe kinakwambia. Fungua TikTok au YouTube, andika "cherehani" halafu acha nafasi, usibonyeze kitu. Vitashuka vipendekezo. Hivyo kwa sehemu kubwa vinatokana na vitu ambavyo watu wamekuwa wakivisachi. Kisha endelea, andika "cherehani i", vitashuka vingine, "cherehani k", vingine tena. Fundi wetu akifanya hivi anaweza kukutana na vitu kama cherehani inakata uzi, cherehani inaruka, cherehani haishoni chini, kufunga uzi kwenye cherehani. Kila mojawapo ni swali la mtu, na kila mojawapo inaweza kuwa video yake yenyewe. Ila jua kwamba vipendekezo vinaathiriwa na historia ya akaunti yako, fundi anayeangalia cherehani mchana kutwa ataletewa vitu tofauti na mtu wa kawaida, kwa hiyo YouTube ifungue kwenye dirisha la siri la brauza bila kuingia akaunti, na TikTok jaribu kwa simu ya mtu mwingine.

TikTok wana kitu kingine kinaitwa Creator Search Insights, unakiandika hivyohivyo kwenye kisanduku cha kusachi ndani ya TikTok kinafunguka. Kinaonesha mada zinazotafutwa, na kuna sehemu inayoonesha mada ambazo watu wanasachi sana lakini video zake ni chache. Kwa Kiswahili usishangae ukikuta mada nyingi zimekaa kwa lugha nyingine, au mada yako ndogo haipo kabisa, haimaanishi hakuna anayeitafuta. Chanzo ambacho mimi nakiamini kuliko vyote kwa lugha yetu ni komenti. Nenda kwenye video za wengine za mada yako, soma watu wanauliza nini na wanaulizaje. "Yangu inakata uzi kila nikishona jinzi nifanyeje". Umeona, hapo kakupa sentensi nzima, na kakupa na neno jinzi ambalo hukulifikiria.

Halafu Kiswahili kina jambo lake. Kitenzi chetu kinabadilika kichwa na mkia: inakata, inakatakata, unakatika, kukatika, kukata. Kwa mtu ni wazo moja. Kwa mashine inayolinganisha maandishi inaweza ikawa ni vitu tofauti, kwa Kiingereza wameshaifundisha vizuri kuunganisha maumbo ya neno moja, kwa Kiswahili usibeti. Dawa yake ni kuandika sentensi mbili za kawaida zenye maumbo mawili ambayo watu wanayatumia kweli. Kichwa kiseme "cherehani inakata uzi", kapsheni iseme "kama uzi unakatika ukianza tu kushona". Hujajaza maneno, umeongea kama mtu, na umegusa pande zote mbili. Vivyo hivyo kwa majina: wengine wanaandika cherehani, wengine charahani, wengine mashine ya kushonea. Chagua linalotumika zaidi kwa kichwa, jingine liingie ndani ya maelezo mara moja tu, inatosha.

Kitu cha mwisho hapa ni urefu wa maneno. Akaunti ndogo ikijaribu kushindania neno "kushona" peke yake inapambana na kila mtu aliyewahi kushika sindano. "Cherehani inakata uzi wa juu ukishona jinzi" watu wanaoisachi ni wachache, lakini wanaoijibu ni wachache zaidi, na huyo anayeiandika anataka jambo moja tu.

Tuandike upya ile kapsheni

Video ni ileile, hatujagusa hata sekunde moja. Kapsheni mpya:

"Cherehani inakata uzi wa juu? Kabla hujapeleka kwa fundi angalia vitu hivi vitatu. Kwanza nyanyua mguu wa cherehani ndio upitishe uzi upya, manake mguu ukiwa chini uzi hauingii vizuri kwenye tenshen. Pili angalia sindano, kama imepinda, butu au umeifunga kinyume, badilisha. Tatu legeza tenshen kidogo ujaribu kwenye kitambaa kibovu kwanza. Kama unashona jinzi na uzi bado unakatika, tumia sindano nene zaidi. #cherehani #fundicherehani #kujifunzakushona"

Angalia kilichobadilika. Swali la mtu limekaa mwanzo kabisa kama anavyoliandika yeye. Hilo lina sababu mbili: mtandao unalisoma, na mtu naye analiona kabla kapsheni haijakatwa, kwa sababu kwenye skrini inaonekana mistari miwili mitatu hivi na iliyobaki inafichwa mpaka abonyeze. Halafu maneno ya fundi hayajatupwa, tenshen ipo, sindano ipo, ila zimekuja baada ya dalili, zikifanya kazi yake ya kueleza. Hakuna mahali neno cherehani limerundikwa mara tano mfululizo. Na mtu akisoma kapsheni peke yake bila kuangalia video anaondoka na kitu, ndio maana kuna watu wataisevu.

Kuhusu urefu, nafasi ipo. Instagram inaruhusu herufi 2,200 kwenye kapsheni. YouTube kichwa ni herufi 100 na maelezo ni 5,000. Sisemi uzijaze, nasema tu kisingizio cha kuandika "part 4" na emoji mbili hakipo. Kwa YouTube ile sentensi ya kwanza ndiyo inakuwa kichwa cha video, "Cherehani inakata uzi wa juu: vitu 3 vya kuangalia", na maelezo mengine yanashuka chini.

Hashtagi zimebaki na kazi gani

Hashtagi ilianza kama ombi. Tarehe 23 Agosti 2007 Chris Messina alipendekeza Twitter watumie alama ya # kukusanya mazungumzo ya mada moja, kwa sababu kipindi hicho hakukuwa na njia nzuri ya kuyapata. Yaani ilikuwa ni lebo, ukibonyeza unaona wengine wenye lebo hiyohiyo. Mitandao ilivyojifunza kusoma sentensi nzima, lebo ikapungua kazi. Instagram Desemba 2024 waliondoa hata ule uwezo wa kufuata hashtagi, na bosi wao Adam Mosseri amekuwa akirudia kwamba hashtagi haziongezi sana idadi ya watu wanaokuona. Zamani waliruhusu 30, na kuanzia 2025 wao na TikTok wamebana, mwelekeo ni hashtagi 5 kwa posti. Kwa hiyo zile orodha za hashtagi 30 za kukopi na kupesti zinazouzwa mitandaoni, weka hela yako mfukoni.

Kilichobaki kwa hashtagi ni kuthibitisha mada. #cherehani inauambia mtandao tuko kwenye dunia gani, #fundicherehani inapunguza zaidi. #fyp haiuambii kitu chochote, hakuna mtu mwenye shida ya uzi atakayeandika fyp kwenye kisanduku, na ukiwa ndani ya rundo hilo umechanganyika na wanaocheza, wanaopika na wanaolia. Mimi ningeweka tatu, moja pana, mbili nyembamba, na kila moja ningejiuliza: ningependa mtu aliyebonyeza hii aione video yangu?

Kuna mitego ya kiufundi ambayo Kiswahili kinaijua vizuri kuliko wengine. Hashtagi inakatika ikikutana na nafasi, nukta au kistari. Na inakatika pia kwenye ile koma ya juu ya ng'. Fundi akiandika #kung'oasindano, kinachogeuka kuwa rangi ya linki ni #kung tu, mengine yanabaki maandishi ya kawaida pembeni, sasa kung ni nini? Kwenye hashtagi iondoe hiyo alama, andika #kungoasindano, kwenye sentensi ibaki kama inavyotakiwa. Ukimaliza kuandika angalia rangi kabla hujaposti, utaona imeishia wapi.  Na hashtagi ikiwa ndefu anza kila neno kwa herufi kubwa, #FundiCherehani, kwa kusachi ni ileile ila programu za kusomea wasioona zinaweza kutenganisha maneno.

Ule utaratibu wa kuficha hashtagi kwenye komenti ya kwanza ili kapsheni ionekane safi, Instagram walishasema maneno na hashtagi zikae kwenye kapsheni kama unataka zikusaidie kwenye kusachi. YouTube wana lao: ukizidisha hashtagi 60 kwenye video moja wanazipuuza zote, na kile kisanduku cha tagi kwenye Studio, ambacho watu wanakijaza kwa jasho, wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo na kinafaa hasa kwa maneno ambayo watu huyakosea tahajia. Kwa fundi wetu hapo ndipo charahani inapopata makazi. Kumwaga rundo la tagi ndani ya maelezo ya video ndio usifanye kabisa, ni kinyume cha sera zao na video inaweza kuondolewa.

Ukishaposti unajuaje kama imefanya kazi

Usiangalie idadi ya jumla ya watazamaji, hiyo inachanganya fidi na kusachi kwenye sufuria moja. Tafuta watu wametokea wapi. Kwenye YouTube Studio fungua video, nenda Analytics, tafuta "YouTube search" kwenye vyanzo vya watazamaji, ukiibonyeza unaona na maneno halisi waliyoandika. TikTok kwenye takwimu za video nako kuna vyanzo, mojawapo ni Search, na ukiwa na watu wa kutosha unaoneshwa na baadhi ya maneno waliyosachi. Instagram haikupi orodha ya maneno namna hiyo, huko itabidi uombe mtu asiyekufuata asachi ile sentensi kwa simu yake uone unatokea au hutokei. Usijisachi mwenyewe, mtandao unajua unajipenda.

Sasa soma unachokiona. Tuseme zimepita wiki mbili tatu na kutoka kwenye kusachi hajaja mtu. Kama kwa simu ya mwenzio ukiandika sentensi yenyewe huonekani kabisa, tatizo ni maneno, au video bado haina historia yoyote na waliokutangulia wanajibu swali hilohilo vizuri. Kama unaonekana lakini hawabonyezi, na kwa YouTube hili utaliona pale idadi ya mara ilizooneshwa iko juu na asilimia ya waliobonyeza iko chini, hapo maneno yameshafanya kazi yake na mkosaji ni kava au kichwa. Labda kava ni sura ya fundi anacheka, wakati mwenye shida anatafuta kuona sindano na uzi. Kama wanabonyeza halafu wanaondoka sekunde ya tano, kichwa kimeahidi kitu ambacho mwanzo wa video haukileti, na ukiacha hivyo mtandao utakushusha taratibu hata kama maneno yako ni sahihi kuliko ya wote.

Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza wanaopachika maneno yanayosachiwa sana kwenye video isiyohusika. Unaweka jina la msanii maarufu kwenye video ya cherehani, watu wanakuja, wanakuta bobini, wanakimbia. Kila anayekimbia ni kura ya kwamba video hii haijibu swali lile. Na YouTube wana sheria dhidi ya maelezo ya kudanganya, sio suala la adabu tu.

Marekebisho yanawezekana bila kuposti upya. Kichwa na maelezo ya YouTube unaweza kuyabadilisha muda wowote, kapsheni ya Instagram pia inaharirika, TikTok kuna mipaka zaidi kwa hiyo huko soma mara mbili kabla hujabonyeza. Badilisha kitu kimoja, iache ikae wiki kadhaa ndio uangalie tena, ukibadilisha kichwa, kava na kapsheni siku moja hutajua kipi kimesaidia. Ongeza na hili: tangu Julai 2025 Instagram wameruhusu posti za akaunti za kitaalamu zilizo wazi kwa umma zionekane kwenye majibu ya Google, kwa hiyo kapsheni iliyoandikwa kama jibu ina nafasi ya kusomwa hata na mtu ambaye hajafungua Instagram siku hiyo. Kama hutaki hivyo kuna sehemu ya kuzima kwenye mipangilio ya faragha.

Ile orodha ya maneno waliyosachi usiifunge haraka. Fundi wetu akiifungua anaweza kukuta kati ya waliofika kuna waliokuwa wameandika "cherehani inaruka stichi". Uzi wao haukatiki, unaruka tu, na kwenye video yake hilo halijaguswa, kwa hiyo wameondoka mikono mitupu. Asiliongeze hilo neno kwenye kapsheni ya video hii, atawaleta wengi zaidi waje waondoke vilevile. Hiyo ni video nyingine, na sentensi yake ya kwanza ameshaandikiwa tayari.